Kupanga mwendo wa kamera na urefu wa shoti kwa maumbo ghafi ya pande tatu

Storibodi ikishakubaliwa, yanabaki maswali mawili ambayo mchoro hauwezi kuyajibu: kamera itasimama wapi hasa ndani ya chumba chenye kuta, na kila shoti itadumu fremu ngapi. Mchoraji anaweza kumchora mhusika kuanzia utosini hadi miguuni ndani ya chumba chembamba, wala karatasi haitampinga. Kuta zitaanza kupinga siku mhuishaji atakapofungua faili lake, na siku hiyo kila badiliko linakula kazi iliyokwisha kufanywa. Ndiyo maana tukio hupangwa kwanza kwa masanduku na mitungi ya kijivu yenye vipimo vya kweli, kamera za kweli na saa ya kweli.

Mwongozo huu unafuata tukio moja fupi tangu mwanzo hadi faili linapokabidhiwa. Programu inayotumika ni Blender, lakini hesabu zake hazibadiliki katika programu nyingine. Tukio lenyewe ni hili: msichana anafungua mlango wa ghala, anasita, anatembea hadi kwenye sanduku lililo upande wa pili, anapiga magoti na kulifungua, anapolitazama, mlango ulio nyuma yake unajifunga.

Vipimo kwanza

Weka kasi ya filamu kuwa fremu 24 kwa sekunde na ukubwa wa picha kuwa 1920 kwa 1080 kabla ya kuongeza kitu chochote. Ukibadilisha kasi baadaye, kila urefu uliokwisha kuuhesabu kwa fremu utakuwa na maana nyingine.

Ghala letu lina urefu wa mita 8, upana wa mita 4 na dari ya mita 3. Mlango uko katikati ya ukuta mfupi. Una upana wa sentimita 90 na kimo cha mita 2.1. Sanduku limewekwa kwenye mstari wa katikati, ubavu wake wa karibu ukiwa mita 6.2 kutoka mlangoni na wa mbali mita 6.6, na kimo chake ni nusu mita. Vyote hivi vijengwe kwa `Cube`, na vipimo viandikwe kwa namba katika sehemu ya `Dimensions` kwenye paneli inayofunguka kwa `N`. Usivute kwa panya kwa kukadiria, kwa sababu thamani yote ya zoezi hili imo katika namba hizo.

Msichana ana kimo cha mita 1.6. Kiwiliwili chake ni mtungi na kichwa chake ni tufe, naye lazima awe na pua, hata kama ni koni ndogo tu, kwa sababu bila pua mtazamaji hatajua anaelekea wapi wala anatazama nini. Tengeneza umbo la pili la msichana aliyepiga magoti, utosi wake ukiwa kwenye kimo cha sentimita 113 hivi, kisha ulionyeshe na kulificha la kwanza pale anapopiga magoti. Mlango unahitaji uangalifu mmoja: weka `3D Cursor` kwenye bawaba, kisha kitovu chake cha mzunguko kihamishiwe hapo kwa amri ya `Origin to 3D Cursor`, la sivyo utazungukia katikati yake.

Tendo lote lichezwe mara moja

Watu wengi huanza na shoti ya kwanza, wakaweka kamera, wakaikamilisha, kisha wakaenda kwenye ya pili. Mimi napendekeza njia nyingine: lipange tendo zima kwa mfululizo kama linavyochezwa jukwaani, bila kamera yoyote, ndipo ulipige kwa kila kamera. Kwa njia hii mhusika hawezi kuruka kutoka mahali pamoja hadi pengine kati ya shoti mbili bila wewe kujua, na muda unaouondoa katika uhariri unajulikana kwa fremu kamili.

Anzia fremu ya 101 ili ibaki nafasi kabla yake. Mlango unafunguka na msichana anaingia kwa sekunde moja, hadi fremu ya 124. Anasita kwa sekunde mbili, hadi 172. Kisha anatembea mita 6, na hapa ndipo hesabu ya kwanza yenye uzito inapoingia. Mtu mzima asiye na haraka hutembea takriban mita 1.4 kwa sekunde. Msichana huyu ana woga, hivyo tumpe mita moja kwa sekunde: sekunde 6, yaani fremu 144, hadi fremu ya 316. Ikiwa hatua yake moja itachukua fremu 16, kila hatua itakuwa na sentimita 67 hivi, jambo ambalo miguu ya mtu wa kimo chake inaliweza. Lau tungembana amalize safari hiyo kwa sekunde 3 ili tukio liwe fupi, angekwenda mita 2 kwa sekunde, na mhuishaji angelazimika kumkimbiza.

Baada ya hapo anapiga magoti kwa fremu 36, hadi 352. Anafungua kifuniko kwa fremu 36 nyingine, hadi 388. Anatazama ndani, na mwishowe mlango unajifunga. Tendo zima linakwisha kwenye fremu ya 508. Ni fremu 408, yaani sekunde 17.

Kuna mtego mmoja hapa. Blender huweka mwendo wa `Bezier` kati ya fremu kuu mbili, yaani fremu ulizozipangia mahali pa kitu, na maana yake ni kwamba kitu huanza polepole, huongeza kasi, kisha hupunguza. Mtu anayetembea hafanyi hivyo kwa mita 6. Chagua fremu kuu za matembezi, bonyeza `T`, na uchague `Linear`.

Lenzi na umbali

Kamera ya Blender huanza na kihisi chenye upana wa milimita 36. Kwa picha ya uwiano wa 16 kwa 9, kimo cha kihisi kinachotumika ni milimita 20.25. Kutokana na hapo, umbali unaohitajika ili kuona kimo fulani unapatikana hivi:

```
umbali = kimo_kinachoonekana × lenzi ÷ 20.25
```

Chukua mchoro ule wa storibodi unaomwonyesha msichana mzima kutoka ubavuni, akitembea. Ili aonekane wote na nafasi kidogo juu na chini, kamera ione kimo cha mita 2.1. Kwa lenzi ya milimita 50 umbali unakuwa mita 5.2. Msichana anatembea katikati ya ghala lenye upana wa mita 4, kwa hiyo kutoka kwake hadi ukutani ni mita 2 tu. Shoti hiyo haiwezekani, isipokuwa kwa lenzi ya milimita 19 au pungufu, ambayo itaipinda sura ya chumba na kumfanya kila anayeisogelea kamera aonekane anakwenda mbio, au kwa kuuondoa ukuta.

Katika kompyuta kuuondoa ukuta ni rahisi mno, na hilo ndilo tatizo lake. Kamera iliyo mita 3 nje ya chumba huonyesha vitu vimebanana kwa namna ambayo hakuna kamera iliyo ndani ingeweza kuonyesha, na shoti hiyo ikikatwa katikati ya shoti zilizopigwa ndani, ghala litaonekana kubadilika ukubwa. Tukio letu linategemea hisia ya kufungiwa, kwa hiyo niliifuta shoti ya ubavuni na kuweka nyingine: kamera inamtangulia msichana, ikirudi nyuma kadiri anavyokuja.

Kamera nne

Zipe kamera majina ya kuruka kumi kumi, P010, P020, P030 na P040, ili shoti mpya ikihitajika katikati iitwe P015 bila kubadilisha mengine. Kila kamera inayosafiri iambatanishe na `Empty`, kitu kitupu kisichoonekana kwenye picha, kwa `Ctrl+P`. Safari iwekwe kwenye `Empty`, na kuinama au kugeuka kuwekwe kwenye kamera yenyewe. Mkurugenzi akisema safari iwe fupi lakini mgeuko ubaki, utagusa kitu kimoja tu.

P010 ina lenzi ya milimita 24 na iko mita 7.5 kutoka mlangoni, chini, kwenye kimo cha sentimita 60. Haisogei. Kwa umbali huo inaona kimo cha mita 6.3, hivyo msichana mlangoni anachukua robo tu ya picha na chumba kinamzidi.

P020 ina lenzi ya milimita 35, kwenye kimo cha mita 1.35, na daima iko mita 2 mbele ya msichana. Inamwona kuanzia kiunoni. Inarudi nyuma mita 3 kwa sekunde 3, sambamba naye, na njiani inapita juu ya sanduku bila kuligusa. Safari ya kamera nayo lazima iwe `Linear` kama matembezi. Ukisahau, dalili yake iko wazi: msichana anakua kwenye picha, anapungua, kisha anakua tena, ingawa anatembea kwa kasi ileile. Fremu kuu za kamera hii ziwekwe kabla ya mahali shoti inapoanza na baada ya inapokwisha, ili mkato uikute kamera ikiwa tayari mwendoni.

P030 ni mikono na kifuniko: lenzi ya milimita 50, sentimita 80 kutoka mikononi, upande wa kulia wa msichana. Upande huu haukuchaguliwa ovyo. Kutoka kwa msichana hadi kwenye sanduku kuna mstari wa tendo, na kamera ikishaingia upande wake wa kulia, mwendo unaofuata nao ubaki upande huohuo, la sivyo msichana ataonekana amegeuka.

P040 ndiyo shoti iliyobeba tukio, na ndiyo inayostahili muda wetu zaidi.

Mlango uliofichwa nyuma ya kichwa

Tunataka mtazamaji aone uso wa msichana tu, bila mlango, kisha kamera iteleze pembeni na mlango ujitokeze nyuma yake. Kamera ina lenzi ya milimita 35 na iko mita 7.5 kutoka mlangoni, msichana akiwa mita 1.5 mbele yake. Mlango uko mbali mara tano kuliko kichwa, kwa hiyo kichwa chenye upana wa sentimita 20 kinafunika upana wa mita moja pale mlangoni. Mlango una sentimita 90. Unafichika, lakini kwa chupuchupu.

Kimo ndicho kilichokuwa na matatizo. Kamera ikiwa kwenye kimo cha mita moja, sawa na uso, mstari unaopita utosini unafika mlangoni kwenye kimo cha mita 1.65, na sentimita 45 za juu za mlango zinachungulia juu ya kichwa. Ukiishusha kamera hadi sentimita 85, mstari huo unafika mita 2.25 na mlango wote unapotea. Sentimita 15 zinaamua kama tukio lina siri au halina. Hakuna mchoro ambao ungetuambia hivyo.

Sasa mteleko. Kamera ikisogea sentimita 10 upande mmoja, kivuli cha kichwa pale mlangoni kinasogea sentimita 40 upande wa pili. Kwa sentimita 24 kichwa kinauacha mlango, lakini mabega bado yanafunika sehemu yake ya chini. Inapofika sentimita 40 mlango wote uko wazi. Kamera isigeuzwe kabisa wakati wa mteleko. Msichana atasogea mwenyewe pembeni mwa picha na mlango utakuja karibu na katikati. Kuigeuza kamera bila kuihamisha hakutaufunua mlango hata kidogo, kwani kichwa na mlango husogea pamoja. Wengi hufanya kosa hili kwa kuwa kwenye mchoro miendo hiyo miwili huonyeshwa kwa mshale uleule.

Muda umegawanywa hivi: fremu 24 za uso uliotulia, 48 za mteleko, 18 za mlango kujifunga, na 30 za kimya baada ya kishindo. Jumla ni 120. Mteleko huu unaanza na kuisha mbele ya macho ya mtazamaji, hivyo hapa `Bezier` ibaki. Mlango usianze kujifunga kabla kamera haijasimama. Niliujaribu ukianza mapema, na jicho lililokuwa likifuata uso unaosogea liliukosa mwanzo wa tendo.

Shoti hii ilipotazamwa ilifichua jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: kifuniko. Bawaba zake zilikuwa upande wa mbali na msichana, na kikifunguliwa kilisimama hadi sentimita 90 kutoka sakafuni, mbele ya kamera, kikafunika kidevu na mdomo wake. Kuipandisha kamera kungefichua mlango. Kuisogeza karibu kungebadilisha hesabu yote ya kichwa. Suluhisho lilipatikana kwenye sanduku lenyewe: kifuniko kisicho na bawaba, kinachonyanyuliwa na kuwekwa sakafuni upande wa kushoto wa msichana, mbali na kamera ya P030. Kunyanyua na kuweka chini kunahitaji muda zaidi, kwa hiyo tendo la kifuniko lilipanda kutoka fremu 36 hadi 48, na yote yanayofuata yalisogezwa mbele fremu 12.

Kutoa picha na kukata

Kila kamera itolewe peke yake, pamoja na fremu 12 za ziada kabla na baada ya sehemu inayokusudiwa. P020 inatumika kuanzia fremu ya 221 hadi 292, hivyo inatolewa kuanzia 209 hadi 304. Katika `Metadata` washa `Burn Into Image`, ukichagua `Frame`, `Camera` na `Lens`, ili mtu yeyote anayetazama aweze kutaja fremu kamili. Kisha tumia `Viewport Render Animation`. Picha za kijivu hutoka upesi, na huna haja ya taa wala rangi. Wapo wanaofunga kamera kwenye alama za `Timeline` kwa `Ctrl+B`, njia ambayo inafaa pale ambapo hakuna muda unaoondolewa kati ya shoti. Sisi tunaondoa muda, kwa hiyo tunakata kwenye `Video Sequencer`.

P010 inabaki fremu 96, kuanzia 101 hadi 196, ambapo msichana ameshatembea mita moja. P020 inaanza akiwa mita 2, hivyo sekunde moja ya matembezi imeondolewa na mtazamaji haioni, kwa kuwa ukubwa wa mtu kwenye picha umebadilika sana. Inadumu fremu 72. P030 inaanza kwenye fremu ya 341, mikono inapofika kwenye kifuniko, na inadumu fremu 60. P040 ni 120. Jumla ni 348, yaani sekunde 14 na nusu.

Tazama mkato huo ukiwa na sauti, hata kama ni hatua na kishindo cha mlango ulivyovirekodi kwa simu. Bila sauti utakosea urefu, na kwa kawaida utakosea kwa kufupisha. Sanamu ya kijivu iliyosimama haina macho yanayohamahama wala pumzi, kwa hiyo sekunde mbili za kusita katika P010 zinaonekana kama fremu zilizokwama, na kila aliye chumbani atataka zikatwe. Kabla ya kukubali, simama uigize kusita huko mwenyewe huku mtu akishika saa: tazama kushoto, tazama kulia, vuta pumzi. Ukikuta sekunde mbili zinatosha kwa shida, ziache zilivyo. P030 ina hatari iliyo kinyume, kwa kuwa sanduku tupu la kijivu linasomeka papo hapo, ilhali sanduku lenye mbao, kutu na maandishi litahitaji muda zaidi wa kutazamwa. Ndiyo sababu fremu za ziada huambatana na kila shoti.

Kasi ya kamera nayo hudanganya. Ukuta usio na rangi hauonyeshi mruko wa picha kamera inapogeuka haraka, lakini ukuta wa matofali utauonyesha kwa fremu 24. Wapiga picha wa sinema wana kanuni yao ya makadirio: kamera inapogeuka, kitu kichukue takriban sekunde 7 kuvuka upana wote wa picha. Ukishuku mgeuko wowote, weka mistari ya wima kwenye ukuta kila baada ya sentimita 20 na utazame tena.

Kukabidhi

Mhuishaji apewe faili lenye kamera zilizofungwa kwa alama ya kufuli katika `Transform`, video ya mkato wote, na orodha ya shoti inayotaja lenzi, fremu ya mwanzo na fremu ya mwisho. Katika orodha hiyo eleza pia kisichoweza kuguswa na sababu yake. Kwa P040 andika kwamba utosi wa msichana aliyepiga magoti usishuke chini ya sentimita 110, kwa sababu hapo mstari wa juu unafika mlangoni kwenye mita 2.1, ambacho ndicho kimo cha mlango wenyewe. Mhuishaji asiyeambiwa hivyo atamwinamisha msichana alitazame sanduku, kama mtu yeyote angefanya, na mlango utachungulia mapema. Ikiwa uigizaji unadai kuinama huko, kamera ishushwe kwa kiasi hichohicho. Akiomba fremu zaidi, aanze kuzichukua kwenye zile 12 za ziada. Akihitaji zaidi ya hizo, shoti irudi kwenye mkato wa kijivu na tukio lote litazamwe upya tangu P010 kabla hajaendelea.